Majina ya Njiani

Kuna daftari moja dogo nililolichukua safarini kwenda Ulanga mwaka 2013, mimi na Mama, tukifuata matanga ya mjomba wangu aliyekuwa akilima mpunga Lupiro, ng'ambo ya mto Kilombero. Mpwa wangu alikuja nasi na kamera ya video. Miaka mingi baadaye aliziunganisha zile picha zikawa filamu ya dakika 9, akaniletea, akasema: "Mjomba, picha zipo, maneno hazina. Chukua daftari lako utuandikie maneno ya msimulizi, na uyasome mwenyewe."

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Daftari lipo, tarehe zipo, saa zipo. Ilinichukua miezi miwili, na mswada wa kwanza ulikuwa mbaya. Hapa nataka kuuhukumu mswada ule kama ningehukumu kazi ya mtu mwingine, kwa kuwa makosa yake si yangu peke yangu. Nimeyasikia katika picha nyingi za safari ambazo watu hutengeneza kwa ajili ya jamaa zao.

Kwanza msomaji aione siku moja ya daftari kama ilivyo:

"Alhamisi. Mikumi saa 3 asubuhi. Kidatu, miwa. Msolwa. Sanje. Mang'ula, chai. Kisawasawa. Kiberege, pancha. Ifakara saa 10 jioni. Kivukoni, pantoni iko ng'ambo. Mama hakula. Minepa usiku. Lupiro."

Na hivi ndivyo nilivyoiandika kwa ajili ya filamu:

"Tulitoka Mikumi saa tatu asubuhi, tukapita Kidatu penye mashamba makubwa ya miwa, tukaingia Msolwa, tukapita Sanje, tukafika Mang'ula tukanywa chai, tukaendelea hadi Kisawasawa, tukafika Kiberege tukapata pancha, na hatimaye tukawasili Ifakara, mji mkuu wa Wilaya ya Kilombero."

Nilipousoma kwa sauti nilisikia magurudumu. Tuka, tuka, tuka. Lawama ya kwanza naiweka juu ya ile *-ka-* yetu. Ni chombo kizuri cha kusimulia: kitendo kimoja kinasukuma kingine. Lakini *-ka-* haiulizi kama kitendo kina uzito. "Tukapita Sanje" na "tukamzika mjomba" vinapewa hatua sawa. Mwandishi akishaanza na "tulitoka", hiyo *-ka-* itamvuta mwenyewe hadi mwisho wa barabara, naye atadhani anasimulia kumbe anahesabu vituo.

Sisemi kuhesabu vituo ni ujinga. Wazee wetu walifanya hivyo kwa sababu. Katika kitabu cha *Safari za Wasuaheli*, alichokitoa Carl Velten mwaka 1901, wasafiri wa pwani wanaeleza njia zao za bara kituo baada ya kituo. Kwa msafiri wa miguu, jina la kituo lilikuwa mali: aliyekuja nyuma alitaka kujua atalala wapi na atapata maji wapi. Orodha ilikuwa ramani. Lakini mtazamaji wa filamu yetu hatafuti njia ya Lupiro. Amekaa kwenye kochi, na barabara anaiona. Ukimwambia "tukapita mashamba ya miwa" wakati miwa imejaa kioo chote, umemwambia jambo moja mara mbili, na lile la pili amelipata bila msaada wako.

Kosa la pili lilikuwa la wingi. Mswada ule ulikuwa na maneno 960. Nilijipima kwa saa: nikisoma bila haraka, nasoma kama maneno 110 kwa dakika, maana maneno yetu ni marefu na "hatukuwahi kuwatembelea" ni maneno mawili tu. Maana yake ningesema kwa dakika karibu 9, mfululizo, juu ya filamu ya dakika 9. Pasingebaki nafasi ya kusikia injini ya pantoni, wala maji, wala akina mama waliokuwa wakiuza samaki Kivukoni. Nikaweka kiwango: nisizidi nusu ya muda. Kukata kulinilazimisha kuuliza kila jina swali moja: hapa pametokea nini ambacho picha haikionyeshi? Sanje haikujibu. Msolwa haikujibu. Kisawasawa haikujibu. Zikatoka.

Kosa la tatu lilikuwa la sauti, na hili lilikuwa gumu zaidi kulisikia. "Mji mkuu wa Wilaya ya Kilombero." Ni nani aliyesema vile? Si mimi. Daftarini sikuandika hivyo, na katika maisha yangu sijamwambia mtu neno kama hilo mezani. Ni sauti ya mtangazaji wa redio au ya kitabu cha jiografia, iliyonivaa mara tu niliposikia neno "filamu". Mahali pengine nilikuwa nimeandika kwamba mto Kilombero hukutana na Luwegu ukawa Rufiji. Ni kweli, lakini ukweli ule haukuwa na kazi siku ile. Niligundua kipimo kimoja rahisi: sentensi ambayo ningeweza kuiandika bila kwenda safari, basi si ya safari.

Hapo ndipo niliporudi kwenye daftari na kuliona kwa macho mengine. Kati ya majina 11 ya mahali kulikuwa na maneno mawili ambayo hayakuwa mahali: "Mama hakula." Katika mswada wa kwanza sikuyaweka kabisa. Niliruka kutoka pantoni hadi Minepa. Kwa nini? Kwa sababu majina yalikuwa mepesi. Siku ile ya Alhamisi nilikuwa nikiyaandika ili nisimtazame Mama, na miaka mingi baadaye nilikuwa nikiyasoma kwa sababu ile ile.

Nikaanza upya kutokea kwenye yale maneno mawili. Mama alikuwa amebeba chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha toka nyumbani. Hivyo vilikuwa kwenye picha, mapajani mwake, ila hakuna ambaye angejua kwamba havikuguswa. Hiyo ndiyo kazi ya msimulizi: kusema lile ambalo picha inalo lakini haiwezi kulitamka. Sehemu ile ya barabara ikawa hivi:

"Milima ya Udzungwa ilikuwa kuume kwetu njia nzima. Kila nilipodhani imekwisha, inatokea tena. Mama alishika chupa ya chai. Hakuifungua."

Msomaji ataona *-ka-* imeondoka. Hakuna anayefika popote. Barabara ya kilomita zaidi ya mia imekuwa hali moja, si mlolongo wa matukio, na ndivyo nilivyoiishi.

Palibaki neno "hapa". Daftarini, "hapa" ni pale nilipokaa na kalamu. Katika filamu, "hapa" ni kile kilicho kiooni wakati neno linatamkwa. Nilikuwa nimeandika: "Hapa huvukwa kwa pantoni." Lakini daraja la Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018, na siku hizi magari yanapita juu bila kungoja. Kijana anayetazama leo angenisikia nikisema uongo. Ningeweza kuongeza maelezo ya daraja, na mtangazaji wa redio angerudi na mwaka na urefu wake. Niliibadili sentensi yenyewe: "Wakati ule pale palingojewa." *Pale* linakubali kwamba tuko mbali, na linamwachia mtazamaji kuelewa kwamba sasa hapangojewi.

Mpwa wangu alitaka niende mbali zaidi. Picha inamwonyesha Mama akiutazama mto, midomo ikisogea. Upepo umemeza sauti. "Mwekee maneno, Mjomba. Kitu kama, mdogo wangu, nimekuja." Nilikataa. Daftari halisemi alinena nini, nami sikumbuki. Kukata na kupanga upya ni haki ya mwandishi. Kumtia mtu maneno ya huzuni mdomoni, akiwa hai na atakayeitazama picha, si haki yake. Nilitumia nilichokuwa na hakika nacho. Mjomba kila masika alikuwa akituma salamu: msije, mto umejaa, ngojeni kiangazi. Viangazi vilipita, tukawa na shughuli. Kwa hiyo juu ya picha ile ya mtoni niliweka sentensi hizi, kisha kimya cha sekunde 40:

"Alikuwa akituambia tungoje maji yapungue. Tumekuja mwezi wa nane. Maji yamepungua."

Hapo nilitumia *-me-*, wakati wa daftari, na si *-li-* ya msimulizi aliyekwisha kurudi nyumbani. Katika mswada mzima ni mahali hapo tu nilipoiacha. Ingekuwa kila mahali ingechosha. Mara moja, inamrudisha mtazamaji ukingoni pamoja nasi.

Mswada wa mwisho ulikuwa na maneno 410, si dakika nne za kusoma, na majina ya mahali matatu: Udzungwa, Kivukoni na Lupiro. Nilijiona nimefaulu. Tulimwekea Mama Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Alitazama hadi mwisho bila kusema neno. Kisha akauliza:

"Mbona hukuitaja Kiberege?"

Nikamweleza kwamba majina mengi yanachosha, na Kiberege tulipata pancha tu.

"Wewe ulikuwa na dereva mnahangaika na gurudumu," akasema. "Yule binti wa dukani alinitolea kigoda akaniweka kivulini. Aliniona kanga niliyojifunga, akaniuliza, mama, ni nani? Nikamwambia. Siku nzima ile ni yeye peke yake aliyeniuliza."

Kumbe swali langu lilikuwa jema ila nilimuuliza mtu mmoja. Hapa pametokea nini ambacho picha haikionyeshi? Nilijiuliza mimi na daftari langu, na daftari la mtu huandika pancha pale mwenzake alipopata kigoda. Orodha ile niliyoidharau ilikuwa imemtunzia Mama kigoda chake. Kama lingekuwa daftari la hisia tupu, Kiberege isingekuwamo, naye asingekuwa na jina la kuuliza.

Basi daftari na liendelee kuwa na vituo vyake vyote, na kabla ya kuvifuta katika mswada, wasomewe waliosafiri pamoja nawe. Sisi tulirudi kwenye chumba cha mpwa wangu, tukazima feni kwa sababu ya kelele, nikasoma sentensi mbili zaidi kwa picha ya gurudumu lililovuliwa:

"Kiberege, mtu alimpa Mama kigoda, akamuuliza amefiwa na nani. Mimi nilikuwa nikitazama gurudumu."