Kuondoa cheo bila kuondoa jina: orodha za Kolwezi

Anayeandika programu ya kusafisha majina huanza na kazi inayoonekana nyepesi: futa Dr, futa Ir, futa Junior, kisha linganisha orodha. Kolwezi kazi hiyo huharibika haraka, kwa sababu mbili. Kwanza, mkoa wake wa Lualaba una enzi mbili kubwa ambazo vyeo vyake vinajulikana na kila mtu: Mwant Yav wa Walunda, mwenye makao Musumba katika wilaya ya Kapanga, na Mwami wa Wayeke kule Bunkeya. Vyeo vya namna hiyo vimekuwa pia majina ya watu wa kawaida. Kazembe ni mfano ulio wazi: ni cheo cha Kilunda, na hadi leo Mwata Kazembe yuko Luapula, Zambia, lakini fundi wa umeme mgodini naye anaweza kuitwa Kazembe bila kuwa na himaya yoyote.

Sababu ya pili ni mpangilio wa jina lenyewe. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na badala yake likaingia jina la pili la Kiafrika. Majina ya Kikristo yaliporudi, hilo la pili halikuondoka. Ndiyo maana fomu za Kongo zina safu tatu, `nom`, `postnom` na `prenom`, na kwa desturi mbili za mwanzo huandikwa kwa herufi kubwa, ya tatu kwa herufi za kawaida. Jina alilobatizwa mtu huja mwisho.

Hapo ndipo kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya majina ya Kiingereza hukwama. Zenyewe huchukulia kwamba Junior mwishoni mwa mstari ni kiambatisho cha kumtofautisha mwana na baba, hivyo kinaweza kukatwa. Lakini mshambuliaji aliyewahi kuichezea timu ya taifa, Junior Kabananga, kwenye fomu ya Kongo ataandikwa KABANANGA kwanza na Junior mwisho. Ukikata Junior, umefuta jina lake alilopewa. Fiston, linalomaanisha kijana wa kiume wa mtu, lina hatari hiyohiyo. Ndilo jina la mwandishi Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981. Prince na Reine nayo ni majina ya watoto wengi, si dalili ya ufalme.

Tuchukue mistari minne kutoka karatasi ya mahudhurio ya mafunzo ya usalama mgodini. Majina nimeyaunda, ila sura yake ndiyo inayokutana nasi kila siku:

```
Ir. KAZEMBE MUTOMBO Patient
Mme MWAMI NGOY Irène
M. M'SIRI KALENGA Médard
KABONGO ILUNGA Junior
```

Jaribio la kwanza la wengi ni kutafuta ruwaza ndani ya mstari mzima na kufuta kila inapopatikana. Bila mipaka ya neno, Ir itakula mwanzo wa Irène na kuacha "ène". Ukiongeza alama ya mpaka, `\b`, Irène anapona, lakini M'SIRI anaumia: kwa Python, alama ya ritifaa si sehemu ya neno, kwa hiyo M iliyo mbele yake inaonekana kama M ya Monsieur iliyosimama peke yake. Kinachobaki ni 'SIRI. Médard anaweza kuumia kwa njia iliyojificha zaidi. Katika mafaili mengine é huhifadhiwa kama alama mbili, e kisha mkazo wake. Kwenye skrini huoni tofauti yoyote, lakini mkazo huo nao si sehemu ya neno, na `\bMe\b`, uliyoiweka kwa ajili ya wakili, inakata "Me" na kuacha "dard" yenye mkazo unaoelea mbele yake. Kosa hili ni gumu kuligundua kwa sababu Médard wa faili moja hupita salama na wa faili jingine hukatwa.

Njia iliyo salama ni kuunganisha kwanza herufi na mikazo yake, kisha kugawa mstari kwa nafasi na kulitazama neno zima, upande wa mbele tu:

```python
import unicodedata

HAKIKA = {"dr", "ir", "prof", "mgr", "me", "m", "mme", "mlle"}

def tenga(jina):
    maneno = unicodedata.normalize("NFC", jina).split()
    vyeo = []
    while len(maneno) > 1 and \
          maneno[0].rstrip(".").casefold() in HAKIKA:
        vyeo.append(maneno.pop(0))
    return vyeo, maneno
```

Angalia kwamba hakuna kinachofutwa. Cheo kinahamia kwenye orodha yake, na ukiunganisha `vyeo` na `maneno` lazima upate maneno yote ya mwanzo kwa mpangilio uleule. Sharti la `len(maneno) > 1` linahakikisha hakuna mtu anayebaki bila jina. Upande wa mwisho hauguswi kabisa, isipokuwa kilichokuja baada ya mkato, kama ", PhD"; hicho hukatwa kabla ya kuita `tenga`.

Kwa mistari yetu, Ir., Mme na M. zinahama. KAZEMBE na MWAMI zinabaki, na Junior pia, kwa kuwa hazimo ndani ya `HAKIKA`. Wala hazipaswi kuongezwa humo, hata mkuu wa ofisi akisisitiza kwamba Mwami ni cheo. Vilevile "wa" iliyo katikati ya jina kama Kyungu wa Kumwanza, aliyekuwa gavana wa Katanga, ni sehemu ya jina na inakaa ilipo.

Maneno yenye utata, kama Mwami, Mwant, Kazembe, Prince, Junior, Fils na Père, huwekwa katika kundi la pili, na uamuzi wake hutoka nje ya mstari. Mahali pa kazi kila mtu ana nambari ya matrikule, na faili lake la ajira lina nakala ya kitambulisho, mara nyingi kadi ya mpiga kura. Ikiwa MWAMI imo katika mojawapo ya safu tatu za kadi ya matrikule hiyo, ni jina, na mjadala umeisha. Ikiwa haimo katika safu yoyote kati ya hizo, ilikuwa heshima aliyoiandika karani, nayo inahamia kwenye `vyeo`. Usijaribu kuthibitisha kwa jina la baba au ndugu: Kongo ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata kidogo.

Baada ya kuendesha programu, mimi huangalia mambo mawili kabla ya kukubali matokeo. La kwanza ni maneno yaliyohamishwa ambayo pia yanaonekana kwingine katika safu ya `nom`. Kila moja linastahili kutazamwa kwa macho. La pili, lililo zito zaidi, ni watu wawili waliokuwa tofauti kabla ya usafishaji na sasa wanafanana. KABONGO ILUNGA Junior na KABONGO ILUNGA wanaweza kuwa watu wawili wa zamu moja, na programu iliyokata Junior itawaunganisha, mmoja apate cheti cha mafunzo ambayo hakuhudhuria.

Mistari isiyo na matrikule hubaki na alama ya utata na jina kamili kama lilivyoandikwa. Ikiwa "Mwant KAZEMBE" ndiyo maneno mawili tu yaliyopo, karani anampigia msimamizi wa zamu na kumuuliza ni nani aliyeweka sahihi pale.