Njia za miguu za Baraka na mita 2 zinazoharibu ramani

Ukikuza picha ya setilaiti hadi kiwango cha 19, kitone kimoja cha picha karibu na ikweta hufunika takriban sentimita 30 za ardhi. Nyumba ya mita 6 kwa 8 hupata vitone kama 20 kwa 27, kwa hiyo kuiona si kazi. Njia ya miguu yenye upana wa mita 1 hupata vitone 3 tu. Ndiyo maana anayechora ramani kwa mara ya kwanza hujaza nyumba na kuziacha njia, ilhali nyumba isiyo na njia kwenye ramani haimwelekezi mtu yeyote namna ya kuifikia.

Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika katika eneo la Fizi, ni mahali pazuri pa kuutazama ugumu huo. Barabara ya Taifa namba 5 inatoka Uvira, inapita mjini na kuendelea kuelekea Fizi. Ukiiacha barabara hiyo kwenda mashambani au vilimani, sehemu kubwa ya usafiri ni miguu, pikipiki na baiskeli. Kipindupindu hurudi mara kwa mara ukanda huu wa ziwa. Mgonjwa akifika hospitali hutaja kijiji au kartie anakotoka, na mhudumu asiye na ramani hawezi kujua kama wagonjwa wa wiki hiyo wanatoka penye kisima kimoja. Haja ya namna hiyo ndiyo iliyozaa mradi wa Missing Maps mwaka 2014, ulioanzishwa na Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, pamoja na kikundi cha HOT. MSF tayari walikuwa wakitibu watu Baraka. Utaratibu wa Missing Maps ni huu: watu wa mbali huchora juu ya picha, wenyeji huweka majina, kisha ramani hutumika. Yote huingia kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri.

Tuchukue mraba mmoja wa kazi upande wa magharibi wa Barabara namba 5, pale nyumba zinapoanza kupungua na mashamba kuanza. Kabla ya kuchora chochote, kuna mambo mawili ya kukagua.

La kwanza ni umri wa picha. Kwenye kihariri cha iD, bonyeza `Ctrl+Shift+B` na kisanduku cha taarifa za picha kitaonyesha tarehe yake, kama mwenye picha ameitoa. Baraka jambo hili lina uzito wake. Kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Lusenda, kaskazini mwa mji, ilifunguliwa mwaka 2015. Picha iliyopigwa kabla ya hapo itakuonyesha mashamba. Kandoni mwa ziwa ni kinyume chake: maji ya Tanganyika yamepanda sana miaka ya karibuni, na nyumba unayoiona kwenye picha ya zamani huenda sasa imefunikwa na maji.

La pili ni picha kusogea. Picha ya Bing na ile ya Esri za mahali pamoja zinaweza kupishana mita kadhaa. Ukichora barabara juu ya moja na nyumba juu ya nyingine, barabara itakata vyumba vya watu. Dawa yake ni kutafuta rekodi za GPS zilizopakiwa na watu waliopita Barabara namba 5, kwa sababu hizo zilipimwa ardhini. Sogeza picha hadi barabara ilale katikati ya rekodi hizo, halafu chora kila kitu kwenye picha hiyo moja. Kama hakuna rekodi, linganisha na kazi iliyokwisha kuchorwa vizuri, wala usihamishe nyumba za wenzako ili zifuate picha yako.

Sasa chora, ukianza na barabara, kisha njia, nyumba mwisho. Nyumba ya mabati hung'aa na kingo zake ni wazi. Nyumba ya majani ina rangi moja na udongo, na kinachoifichua ni kivuli. Setilaiti nyingi za picha hupita katikati ya asubuhi, kwa hiyo kivuli huanguka upande wa magharibi. Weusi mwembamba wenye ukingo ulionyooka au uliopinda sawasawa, mashariki yake pakiwa na kitu cha umbo la mraba au duara, ni nyumba. Weusi wenye ukingo wa kuparaganyika ni mwembe au mchikichi. Ukishachora pembe nne, bonyeza `Q` zinyooke, na nyumba ya duara bonyeza `O`. Iweke lebo `building=yes` na uishie hapo. Ukiwa juu ya picha huwezi kujua kama ni duka, kanisa au jiko.

Njia ya miguu hutambulika kwa mwanga. Udongo uliokanyagwa kila siku hukosa majani na huonekana mweupe kuliko pembeni, hasa katika picha za kiangazi, Juni hadi Agosti. Mfereji wa maji nao huweza kuwa mweupe, lakini hufuata mteremko na kuungana na mifereji mingine kama matawi ya mti. Njia hupanda na kushuka, hupita mlangoni mwa nyumba, na hugawanyika inapofika shambani. Lebo yake ni `highway=path`. Ikiingia chini ya miti na ukaiona ikitokea upande wa pili kwa mwelekeo uleule, iendeleze. Usipoiona ikitokea, ikatie hapo na uweke `fixme` inayosema kwamba mwendelezo unahitaji kuthibitishwa na mtu aliyepo. Inapokutana na kijito pia usibuni daraja: picha haikuambii kama watu huvuka kwa gogo au kwa kukanyaga maji.

Kosa linaloharibu kazi yote hutokea mwishoni mwa njia. Kwenye skrini njia inaonekana imefika Barabara namba 5, kumbe nukta yake ya mwisho imeachwa mita 2 pembeni. Macho hayalioni pengo hilo, lakini programu ya kutafuta njia husafiri kwa nukta zinazoshirikiwa tu. Kwake, nyumba zote za juu ya njia hiyo ni kisiwa. Buruta nukta ya mwisho hadi ishike barabara na mistari miwili iwe na nukta moja. iD huonya kuhusu viungo vilivyokaribia kugusana, na kikaguzi cha JOSM hufanya hivyo pia. Baada ya kupakia, unaweza kuzitoa njia zote za mji kwa swali hili kwenye Overpass Turbo na kuzifuata moja moja:

```
[out:json];
way["highway"="path"](-4.15,29.05,-4.05,29.12);
out geom;
```

Namba nne za kwenye mabano ni mpaka wa kusini, magharibi, kaskazini na mashariki. Kisha fanya jaribio la mwisho: omba njia ya mtembea kwa miguu kutoka nyumba ya mbali kabisa ya mraba wako hadi mjini. Mstari ukizunguka kilomita kadhaa wakati unaona njia fupi kwenye picha, kuna kiungo kilichokatika, rudi ukakitafute.

Mraba ukipita jaribio hilo, kazi ya mtu wa mbali imeisha. Majina ya kartie na avenyu, njia inayofungwa na matope wakati wa masika, na kisima kinachotumika kweli, hayo huwekwa na mkazi wa Baraka anayepita pale kwa miguu. Lebo za `fixme` ulizoacha humwonyesha aanzie wapi.