Barua ya Fundi Bomba kwa Mwenye Nyumba ya Sinza



Uliniambia niangalie kwa nini wapangaji wa ghorofa ya pili na ya tatu wanalalamikia maji, na ukadokeza kwamba huenda fundi aliyejenga alilipua kazi. Naomba nianze na hilo, kwa sababu muda mrefu nimeutumia kuikagua kazi yake, na si haki alaumiwe.

Juu ya paa, chini ya simtanki la lita 5,000, ameweka bomba moja pana la kugawia maji, na kutoka hapo yanashuka mabomba manne. Kila sakafu ina bomba lake, na kila bomba lina valvu yake. Mafundi wengi wangeteremsha bomba moja tu na kulitoboa kila sakafu, wakaokoa pesa. Yeye amefunga klipu kila baada ya hatua moja, zote zimenyooka, na mbele ya kila valvu ya huko juu ameacha yunioni ili atakayekuja baadaye aweze kufungua bila kukata. Sijui ni nani, lakini alimfikiria fundi mwenzake.

Mabomba ni ya PPR, yale yanayounganishwa kwa mashine ya moto wa nyuzi 260. Bomba la milimita 25 linakaa motoni sekunde 7, kisha linasukumwa ndani ya kiungo moja kwa moja bila kulizungusha. Mwenye haraka huliacha likalainika mno, na plastiki hufura kwa ndani ikaziba njia. Kwa nje hutaona kitu. Kazi nzuri huacha pete mbili ndogo zilizolingana pande zote za kiungo, na ndizo nilizoziona kila nilipopapasa. Hata hivyo sikuamini vidole tu. Nilipokata kipande ghorofa ya pili, kwa sababu nitakayoieleza, nilikimulika kwa tochi na kukuta tundu zima, la mviringo, halijapungua. Kwa hiyo mabomba hayana kosa.

Baada ya hapo nilichukua geji ya presha na kuifunga kwenye bomba la jikoni la kila sakafu, wakati hakuna anayetumia maji. Kwenye geji hii namba 1 ni uzito wa maji yaliyosimama wima mita 10. Chini ilisoma 1.3, ghorofa ya pili 0.7, ya tatu 0.4. Kisha nikateremsha futi kamba kutoka usawa wa maji ndani ya tangi: mita 13 hadi bomba la chini, 7 hadi la ghorofa ya pili, 4 hadi la ghorofa ya tatu. Namba zinafuatana bila kupishana. Maji yako hayana msukumo mwingine wowote zaidi ya kimo cha tangi, na anayeishi karibu na tangi ndiye anayepata kidogo. Shawa ya ghorofa ya tatu iko juu kuliko bomba la jikoni, kwa hiyo inabaki na mita 3 tangi likiwa na maji, na mita 2 tu likikaribia kuisha. Ndiyo maana wapangaji wanasema jioni ni mbaya zaidi, na hita zao za shawa haziwaki: ndani yake kuna kiwambo kinachosubiri kusukumwa na maji ndipo kiwashe umeme, na maji hayo hayana nguvu hiyo.

Lakini geji ya maji yaliyotulia haiwezi kukuonyesha kizuizi, maana maji yaliyosimama hufika popote hata kwenye upenyo wa sindano. Lazima uyaache yatembee. Nilifungua bomba la chini kabisa, likajaza ndoo ya lita 10 kwa sekunde 40. La ghorofa ya tatu lilichukua sekunde 75, ambazo ndizo unazotegemea kwa kimo kile. Ghorofa ya pili ndiyo iliyonishtua: geji ilishuka karibu na sifuri mara tu bomba lilipofunguliwa, na ndoo ikachelewa kuliko hata ya juu yake. Hilo halikuwa suala la kimo. Nilifuata bomba lake hadi kwenye valvu ya korido, nikazungusha mpini, ukazunguka mwepesi bila kukaza. Ulimi wa ndani ulikuwa umekatika kutoka kwenye msumari wake na kuangukia njiani. Hapo ndipo nilipokata kile kipande. Nimeweka valvu mpya, na sasa ndoo inajaa kwa sekunde 55. Valvu ile ilichakaa tu.

Uliuliza kwa nini tusinyanyue tangi. Kila mita moja utakayopanda inaongeza 0.1 tu kwenye geji. Ili shawa ya juu ipate angalau namba 1, tungehitaji mnara wa mita 7 juu ya paa, ubebe tani 5 za maji. Paa lile halikujengwa kwa mzigo huo hapo juu, na upepo wa masika hauna adabu.

Ninachopendekeza ni pampu ndogo ya kuongeza presha, nguvu ya farasi nusu, inayoweza kutoa lita 40 kwa dakika ikisukuma kama mita 15. Itakaa pembeni ya tangi, chini ya usawa wake, ili maji yaiingie yenyewe isihangaike kuvuta hewa. Isifungwe kamwe kwenye bomba la maji ya mtaani: ikivuta pale, huvuta na tope kupitia kila palipopasuka. Itahudumia ghorofa ya pili na ya tatu tu. Ghorofa ya pili ingeweza kuvumilia, ila hita zake nazo zinasuasua. Sakafu za chini zibaki kama zilivyo, presha yao inatosha, na ukiiongeza utaanza kununua washa za mabomba kila mwezi. Hapa ndipo utakapomshukuru yule fundi. Kwa kuwa kila sakafu ina bomba lake na yunioni yake, sitavunja ukuta hata tofali moja.

Sambamba na pampu nitapitisha njia ya pembeni yenye valvu isiyoruhusu maji kurudi, ili umeme ukikatika maji yaendelee kushuka kama leo. Ndani ya tangi itaingia swichi ya floti, izime pampu kabla maji hayajaisha, kwani pampu ikizunguka kavu huunguza sili yake. Na nitaongeza tangi dogo la presha la lita 24. Bila hilo, kila tone litaiwasha pampu na kuizima.

Hapo kuna sharti langu moja. Vyoo viwili vya ghorofa ya tatu vinavuja ndani, polepole, huwezi kusikia. Nilidondosha wino kidogo kwenye tangi la kila choo, na rangi ikaonekana kwenye bakuli bila mtu kuvuta maji. Leo uvujaji huo unakugharimu maji tu. Pampu ikifungwa, utaifanya iamke usiku kucha, na wapangaji watakuja kulalamikia kelele badala ya maji. Kwa hiyo vyoo vitengenezwe kwanza, ndipo nifunge pampu.

Orodha ya vifaa na bei iko kwenye karatasi ya pili. Ukikubali, naomba fundi umeme avute waya wa pampu wenye swichi yake peke yake na ethi, na uwaambie wapangaji mapema siku ya kufunga maji.

Wako,
Fundi bomba