Anova au glm? Kupima ubora wa uchambuzi wa hesabu za shambani

Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Ifakara, kile cha Katindiuka ambacho wengi bado wanakiita KATRIN, mpunga huhesabiwa kwa namna nyingi: masuke kwa mita ya mraba, mashina yaliyokauka moyo kwa sababu ya funza wa mabua, magugu katika fremu. Zote ni hesabu, yaani namba kamili zisizoweza kushuka chini ya sifuri, na ndiyo maana wapo wanaosema zote zisipelekwe kwenye anova bali kwenye modeli za mstari zilizopanuliwa, zile zinazoitwa kwa amri ya `glm`. Kanuni hiyo ni pana mno. Kinachoamua ni jinsi mtawanyiko wa data unavyobadilika wastani unapobadilika, na aina ya tofauti ambayo mtafiti anataka kuitaja.

Tuanze na masuke. Tuseme aina kama SARO 5 imepandwa kwa nafasi mbalimbali, na wastani wa vitalu uko kati ya masuke 220 na 290 kwa mita ya mraba. Hata kama hesabu hizo zingefuata mgawanyo wa Poisson, ambamo varianzi hulingana na wastani, mkengeuko ungekuwa karibu 15 upande mmoja na 17 upande wa pili. Tofauti hiyo haiisumbui anova. Hakuna sifuri, mgawanyo wa namba kubwa kiasi hicho unakaribia umbo la kengele, na tofauti ya masuke 30 inaeleweka moja kwa moja. Anayelazimisha glm hapa hajakosea, ila hajapata kitu ambacho anova isingempa.

Mashina yaliyokauka ni habari nyingine. Chukua mfano huu wa kubuni: dozi nne za dawa, moja ikiwa sifuri, zimewekwa katika bloku nne. Mashina yaliyokauka katika kila kitalu ni haya, kwa mpangilio wa bloku: bila dawa 30, 62, 35, 41, dozi ya chini 31, 28, 8, 21, dozi ya kati 3, 18, 5, 6, dozi ya juu 0, 4, 3, 1. Wastani ni 42, 22, 8 na 2. Kabla ya amri yoyote ya kompyuta, mchambuzi mzuri huandika varianzi pembeni ya kila wastani. Hapa ni takriban 198, 105, 46 na 3. Zinashuka pamoja na wastani, na kutoka juu hadi chini tofauti ni ya mara sitini. Safu hizo mbili za namba zinafaa kuwa jambo la kwanza ambalo msomaji analidai katika ripoti, kwa kuwa bila hizo hawezi kujua kama chombo kilichotumika kilistahili.

Anova huchukua varianzi zote hizo na kuzifanya moja. Kwa data hii, baada ya kuondoa athari ya bloku, inabaki varianzi ya 59 kwa kila dozi, na tofauti ndogo kabisa inayohesabika kuwa ya kweli kwa kiwango cha asilimia 5 ni mashina 12.3. Hapo dozi ya kati na ya juu, zenye wastani wa 8 na 2, zinapewa herufi moja kwenye jedwali, kana kwamba hazitofautiani. Kosa la kipimo lililotokana hasa na vitalu visivyopewa dawa limebebeshwa vitalu ambavyo havikuwa na vurugu hiyo. Dalili iliyo wazi zaidi iko kwenye makadirio: kwa dozi ya juu katika bloku ya tatu, anova inatabiri mashina -3.75. Kitalu hakiwezi kuwa na upungufu wa mashina matatu na robo tatu chini ya sifuri. Ukiona utabiri hasi, ujue modeli inajumlisha na kutoa pale ambapo mimea inazidisha na kugawa: bloku yenye funza wengi huongeza idadi kwa uwiano, na dawa huipunguza kwa uwiano.

Wapo watakaojibu kwamba anova ni imara na huvumilia data isiyo kamilifu, hasa vitalu vinapokuwa sawa kwa idadi. Ni kweli kwa swali la jumla. Jaribio la F hapa linatoa 21.4, na hakuna njia itakayokataa kwamba dawa inafanya kazi. Lakini mkulima wa bonde la Kilombero haulizi kama dawa inafanya kazi. Anauliza kama inafaa kulipia dozi ya juu badala ya ya kati, na uimara wa F hauendi mbali kiasi cha kulijibu swali hilo.

Wengine watapendekeza kuchukua logi ya idadi kisha kurudi kwenye anova, jambo ambalo limefanyika kwa vizazi vingi. Mwaka 2010 O'Hara na Kotze walilipinga, kwa kuwa sifuri haina logi, na namba unayoongeza kuikwepa hubadilisha makadirio. Mwaka 2015 Ives alijibu kwamba kwa kujaribu tu kama athari ipo, logi inaweza kutunza kiwango cha makosa vizuri kuliko glm iliyotumiwa ovyo. Nadhani wote wana haki, kila mmoja kwa swali lake. Mtu anayetaka kusema "dawa hii inapunguza mashina yaliyokauka hadi robo" anahitaji makadirio, na kwenye data yenye wastani wa 2 uchaguzi kati ya kuongeza 1 na kuongeza 0.5 unagusa jibu lenyewe. Hapo glm inashinda.

Inashinda kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo linalotenganisha kazi nzuri na kazi ya kuiga. Poisson inadai kwamba varianzi ni sawa na wastani. Funza hawasambai hivyo. Nondo hutaga mayai kwa mafungu, viwavi hutambaa kwenye mashina ya jirani, na kitalu kimoja hujaa huku cha pembeni kikisalimika. Ukitumia Poisson tupu kwenye mfano wetu, tofauti ya dozi ya kati na ya juu inaonekana thabiti kabisa, na nafasi ya kupata tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu iko chini ya moja kwa elfu. Sasa pima mtawanyiko uliozidi:

```r
m <- glm(idadi ~ bloku + dozi,
         family = quasipoisson, data = d)
summary(m)$dispersion
anova(m, test = "F")
```

Amri ya `summary` itatoa karibu 2.67, wakati Poisson inataka 1. Kosa sanifu lazima lizidishwe kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani takriban 1.63. Uwiano wa dozi mbili unabaki 4, lakini mipaka yake ya asilimia 95 sasa inaanzia 0.93 hadi karibu 17. Kwa hiyo data moja imetoa majibu matatu: anova haikuona kitu, Poisson tupu imeona uhakika usiokuwepo, na quasi-Poisson inasema dozi ya juu huenda inapunguza madhara mara nne, ila vitalu kumi na sita havijatosha kulithibitisha. Jibu la tatu ndilo linalostahili kuchapishwa. Anayehama kutoka anova kwenda Poisson bila kupima mtawanyiko ameacha kosa la woga akachukua kosa la ujasiri, na la pili ni la hatari zaidi kwa sababu linamwuzia mkulima dawa.

Inafaa kukumbuka kwamba vyombo hivi viwili vina nasaba moja. Anova ilikomazwa na Fisher katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na modeli zilizopanuliwa ziliandikwa mwaka 1972 na Nelder na Wedderburn, nao wakiwa hapohapo. Wedderburn ndiye aliyeongeza mwaka 1974 njia ya "quasi" inayokubali mtawanyiko uliozidi. Usanifu wa bloku na unasibishaji wa vitalu haukuachwa nyuma. Bloku zilizopangwa kufuata mteremko wa maji kuelekea mtoni zinabaki ndani ya fomula ya glm vilevile kama zilivyokuwa ndani ya anova, na ripoti ya glm isiyo na bloku ni mbovu hata kama familia ya mgawanyo imechaguliwa vizuri.

Kuna hali moja ambapo hata quasi-Poisson si chaguo la kwanza. Kama mhesabuji aliandika pia jumla ya mashina aliyoyakagua, tuseme 18 yaliyokauka kati ya 240, basi idadi ina dari, na familia inayofaa ni ya binomia, au `quasibinomial` mtawanyiko ukizidi. Kwa sababu hiyo uamuzi mzuri wa uchambuzi huanza kwenye daftari la shambani, pale mhesabuji anapoandika au kuacha kuandika namba ya pili.