Kawangware 46: Baridi ya Julai Ndani ya Kumi kwa Kumi

Kuanzia Juni hadi Agosti wingu zito hukaa juu ya Nairobi, jua huonekana kwa kuibia, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Hapo ndipo bidhaa zinapobadilika katika steji ya Kawangware 46. Mablanketi hupangwa mbele, shuka za Kimaasai huning'inizwa, na pembeni mwa maduka ya vifaa vya stima hutokea hita ndogo za feni, zikisifiwa kwamba zitapasha chumba kizima.

Ahadi hiyo ndiyo inayofaa kupimwa. Chumba cha kawaida cha ploti huitwa kumi kwa kumi, yaani futi kumi kila upande. Kikiwa cha mabati, kuta na paa vinafika kama mita za mraba 38, na mabati hayazuii joto hata kidogo. Kila tofauti ya nyuzi moja kati ya ndani na nje hupoteza takriban wati 6 kwa kila mita ya mraba, karibu wati 230 kwa chumba kizima. Hita ya wati 1,500 basi inaweza kupandisha joto kwa nyuzi sita hivi. Hiyo ni kabla ya kuhesabu upepo unaopenya chini ya mlango na kwenye mwanya wa paa.

Ikizimwa, mambo huharibika haraka zaidi. Ukuta wa mawe huhifadhi joto kiasi. Bati halihifadhi chochote, na dakika chache baadaye chumba kimerudi kilikokuwa. Mwenye hita analazimika kuiwasha usiku kucha au akubali kwamba ni kifaa cha kuvalia nguo na kuogeshea mtoto.

Gharama nayo haifichiki. Saa mbili kwa hita hiyo ni uniti tatu. Uniti ikiuzwa kwa shilingi 25, usiku mmoja unakula shilingi 75, na mwezi shilingi 2,250. Pesa hizo zinatosha blanketi zito litakalodumu misimu kadhaa. Tangazo linalotaja wati bila kutaja tokeni limeacha nusu ya bei nyumbani.

Blanketi hufanya kazi kwa njia nyingine: halitengenezi joto, linazuia lisitoroke. Mtu aliyelala hutoa wati 70 hadi 100 hivi, na hewa iliyonaswa katika manyoya ya kitambaa huzibakiza karibu na mwili. Ndiyo maana mablanketi mawili mepesi mara nyingi hushinda moja zito. Muuzaji mjanja angeuliza pia mteja analalia nini, kwa sababu godoro jembamba juu ya saruji hupitisha baridi kutoka chini, na blanketi la juu haliwezi kuifidia. Shuka moja ikikunjwa chini ya mgongo husaidia kuliko ya tatu juu ya kifua. Tena, pumzi za usiku hugeuka matone kwenye bati baridi. Blanketi linalogusa ukuta huamka limelowa, na hewa iliyokuwa ndani yake imeshapotea.

Upande wa usalama, matangazo hukaa kimya palipo na hatari kubwa. Wati 1,500 kwenye stima ya volti 240 ni ampea sita na kidogo. Ekstensheni nyingi za bei nafuu zina nyaya za milimita za mraba 0.75, zinazostahili takriban ampea sita tu, na zikiachwa zimekunjwa kama kamba huchemka zaidi. Jaribio lake ni rahisi: baada ya robo saa, shika plagi. Ikiwa moto kiasi cha kuondoa mkono, soketi imelegea au waya ni mwembamba. Hita ichomekwe moja kwa moja ukutani, mbali na kitanda kiasi cha mita moja, na nguo zisianikwe juu yake.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haiuzwi dukani. Ni jiko la makaa linaloingizwa ndani usiku baada ya kupika. Makaa yaliyokwisha kushika moto hayatoi moshi, na hilo huwafanya wengi waamini ni salama, ilhali ndipo yanapotoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Kichwa kikianza kuuma kwa watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja, si mafua. Wote watoke nje mara moja. Mlango ulioachwa wazi kidogo si kinga, maana mtu huufunga anapoanza kulala.

Kuna jambo moja ambalo mteja wa Kawangware hulijua kuliko mwandishi wa tangazo. Ploti nyingi hutumia mita moja, na wenye nyumba wengi hupiga marufuku hita na koili, kwa vile mpangaji mmoja akiwasha, ploti nzima huingia gizani. Kwa mpangaji wa namna hiyo, bidhaa ya kutangazwa ni blanketi, shuka ya kutandika chini na mpira wa maji ya moto, maji yakiwa yamechemshiwa nje kwenye jiko lilelile.