Nafasi kwanza, marudio mwisho: kusafisha orodha ya wateja Rumonge

Orodha ya wateja ya muuza mawese au ndagala wa Rumonge huwa imekusanywa vipande vipande: majina mengine yametoka kwenye daftari, mengine kwenye simu, mengine yamenakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa mteja mwenyewe. Hata anwani hazilingani. Mpaka Machi 2015 Rumonge ilikuwa tarafa ya mkoa wa Bururi. Kisha ikawa mkoa unaojitegemea, na mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilipounganishwa kuwa mitano, mji huo ukaingia Burunga. Kwa hiyo mtu mmoja asiyewahi kuhama nyumba anaweza kuandikwa chini ya mikoa mitatu, na safu ya mkoa haitakusaidia kumtambua.

Safu ya jina nayo ina shida zake. Warundi wengi hawarithi jina la ukoo, na majina kama Ndayizeye au Niyonkuru yanabebwa na watu wengi wasiojuana. Upande wa pili, Ramadhani wa mwambao huandikwa pia Ramazani au Ramadan, kutegemea kama mwandishi alisomea Kifaransa au chuoni. Kinachobaki ni nambari ya simu. Kazi yote ya usafi ni kuifanya nambari hiyo iweze kulinganishwa, na mpangilio wa hatua ndio unaoamua kama utafanikiwa.

Tuchukue mfano wa jedwali lenye mistari 400, jina likiwa safu ya B, simu C, mahali D, na tarehe ya kuandikishwa E. Majina na nambari nitakazotaja nimezibuni. Kabla ya yote, nakili laha nzima, na mistari yote uipe nambari kuanzia 1 katika safu ya A, ili uweze kurudi kwenye mpangilio wa awali.

Nafasi ndizo za kwanza. Excel nyingi za Burundi ni za Kifaransa, kwa hiyo fomula ni SUPPRESPACE, na vipengele hutenganishwa kwa nuktamkato. Fomula hiyo huondoa nafasi za mwanzo na za mwisho, na zilizorudiwa katikati huzifanya moja. Lakini haigusi nafasi isiyovunjika, ambayo machoni ni ileile ila kwa kompyuta ni herufi nambari 160. Maandishi ya Kifaransa yamejaa nafasi hiyo, kwa sababu Word huiweka yenyewe kabla ya alama kama nuktapacha na alama ya kuuliza. Ndiyo maana mtu hutumia SUPPRESPACE, akaona hakuna kilichobadilika, akadhani fomula ni mbovu. Igeuze kwanza iwe nafasi ya kawaida:

```
=SUPPRESPACE(SUBSTITUE(B2;CAR(160);" "))
```

Kwa simu tunakwenda mbali zaidi, tunaondoa nafasi zote pamoja na alama ya kujumlisha. Weka hii katika safu ya G:

```
=SUBSTITUE(SUBSTITUE(SUBSTITUE(C2;CAR(160);"");" ";"");"+";"")
```

Sasa pima urefu kwa NBCAR(G2). Hapa ndipo jedwali linapoanza kusema ukweli. Nambari ya Burundi ina tarakimu 8, ikiwa na 257 ni 11, ikiwa na 00257 ni 13. Ukiona 12, huyo huenda ni mteja wa Kigoma mwenye 255 au wa Uvira mwenye 243, maana nchi hizo zina tarakimu 9 baada ya msimbo. Ukiona 10, ni nambari ya huko iliyoanza na sifuri. Ukiona 9, huenda Excel imekula sifuri hiyo kwa kuichukulia nambari kama hesabu. Na ukiona 17, mara nyingi kuna simu mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju ndani ya seli moja.

Ikiwa macho yanaona tarakimu 8 na NBCAR inasema 9, kuna herufi isiyoonekana. Jaribu CODE(DROITE(G2;1)). Tarakimu za kawaida hutoa jibu kati ya 48 na 57. Jibu likiwa 63 wakati hakuna alama ya kuuliza, ni herufi iliyofichika ambayo baadhi ya simu huibandika unaponakili nambari. Herufi kama hiyo inaweza kukaa mwanzoni pia, kwa hiyo pima kwa GAUCHE vilevile. Dawa ya haraka ni kuiandika upya nambari hiyo kwa mkono.

Baada ya nafasi ndipo tunafuata mistari mitupu. Wengi hubonyeza F5, wakachagua Cellules vides na kufuta mistari yote iliyoshikwa. Njia hiyo ni hatari, kwa sababu hushika kila seli tupu: mteja mwenye jina na simu lakini asiye na mahali hufutwa pamoja na mstari usio na kitu. NBVAL nayo hudanganya, maana huhesabu seli yenye nafasi moja kama imejaa, na hata seli yenye fomula iliyotoa maandishi matupu huihesabu. Mimi naiamini hii, ikiwa B, C na D tayari zimesafishwa na kubandikwa kama thamani tu:

```
=NBCAR(B2&C2&D2&E2)=0
```

Chuja zinazojibu VRAI, zitazame, ndipo ufute.

Marudio huja mwisho. Kwa nambari za Burundi, yaani zenye urefu wa 8, 11 au 13, chukua tarakimu 8 za mwisho kwa DROITE(G2;8) na kuziweka katika safu ya H. Za Kigoma na Uvira zitenge, zichukuliwe 9, kwa kuwa 8 zinaweza kufananisha watu wa mitandao miwili tofauti. Kisha hesabu:

```
=SI(H2="";0;NB.SI($H$2:$H$401;H2))
```

Sehemu ya SI si pambo. Bila hiyo, wateja wote wasio na simu wangehesabiwa kuwa marudio ya mmoja na mwingine.

Sasa angalia matokeo. Mstari wa 14 ni Ramadhani Ndayizeye, 12 34 56 78, Bururi. Mstari wa 212 ni NDAYIZEYE Ramazani, +25712345678, Rumonge. Mstari wa 305 ni Ramadhani Ndayizeye tena, ila simu yake ni 13 45 67 89, naye ni wa Kizuka. Ukitumia Supprimer les doublons kwa safu ya jina, Excel itamfuta huyu wa Kizuka, ambaye ni mtu mwingine kabisa, na itaacha wale wawili ambao ni mtu mmoja. Fomula yetu inawaunganisha wa kwanza na wa pili, na wa Kizuka inampa 1.

Lakini mstari wa 360, Mariamu Niyonkuru, nao una 12345678, kwa hiyo hesabu ya nambari hiyo inafika 3. Simu moja hutumiwa na nyumba nzima au na watu wa mtumbwi mmoja, na hakuna fomula inayoweza kutofautisha hilo na kosa la kuandika. Basi panga kwa tarehe, mpya juu, hamisha taarifa zilizokosekana kwenye mstari unaoubakiza, na kabla ya kufuta mstari wenye jina tofauti, piga ile nambari uulize ni ya nani.