Dirisha Limeshafungwa

Nina jirani hapa Kaloleni, Nairobi, mzee aliyestaafu, ambaye hutunga mashairi akihesabu kwa vidole. Hatumii vidole gumba. Vidole vinane vya mikono miwili ndivyo kipimo chake: silabi nane kwa kipande cha kwanza cha mshororo, kisha anaanza upya, nane nyingine kwa kipande cha pili. Jumla kumi na sita, mizani ileile iliyompa Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, nafasi ya kuteta na kutania kwa beti za mistari minne. Jioni tatu nilikaa naye barazani akitunga shairi la foleni za ofisini, na kila mara ilikuwa vigumu kuondoka.

Alianza vibaya, na alijua. Siku hiyo alikuwa ametoka kutafuta cheti fulani, amezungushwa tangu asubuhi, na mshororo wa kwanza aliouandika ulikuwa huu:

*Maofisa wezi hawa, wametunyonya miaka*

Hesabu utakuta mizani imetimia, nane kwa nane. Akausoma mara mbili, akaukata kwa mstari mmoja wa kalamu. Nikamuuliza kosa liko wapi, kwa sababu mimi niliuona una ukweli. Akanieleza kwamba neno "wezi" limeshamaliza kazi yote: msikilizaji hana la kugundua, amebakiwa na kukubali au kukataa. Isitoshe, mshororo huo ungeweza kusemwa na mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye foleni hata siku moja. Hauna saa, hauna njaa, hauna miguu inayouma. Hasira imechukua mahali pa vitu alivyoviona, na silabi kumi na sita ni chache mno kuzitumia kwa matusi.

Basi akaacha watu, akatafuta vitu. Kitu cha kwanza kilikuwa dirisha. Aliandika kibwagizo kabla ya ubeti wowote, kwani aliona kwamba foleni yenyewe ina umbo la shairi: unasogea, unasogea, unafika mwisho, unajibiwa maneno yaleyale, unarudi mwanzo. Kibwagizo kiwe jibu la karani. Mwanzo aliandika "Dirisha limefungwa", akahesabu, vidole saba. Angeweza kujaza pengo kwa neno lolote la kubandika, kama "sasa" au "kweli", na hapo ndipo watungaji wengi huharibu. Yeye alinyamaza kitambo, kisha akaingiza silabi moja katikati ya kitenzi: limeshafungwa. Ile *-sha-* ilimpa mizani, na ikampa zaidi ya mizani. Dirisha lililofungwa lingeweza kuwa limefungwa mbele ya macho yako. Lililokwisha kufungwa lilikuwa limefungwa kabla hujafika, na hata ungefika jana lingekuwa hivyohivyo. Sijapata kuona silabi moja ikibeba ofisi nzima namna ile.

Ubeti wa kwanza ukaja hivi:

*Nimeamka gizani, jogoo bado kalala*
*Nikaingia foleni, bila chai bila kula*
*Nikafika dirishani, saa saba ya chakula*
*Dirisha limeshafungwa, tafadhali njoo kesho*

Tazama vina vya kati: gizani, foleni, dirishani. Ni mahali patatu, na ndiyo safari yote ya mtu yule, kutoka kitandani hadi kwenye kioo. Tazama pia kwamba hakuna anayelaumiwa. Anayefika saa saba amekutana na saa ya chakula, jambo la haki kabisa kwa karani mwenye njaa. Ila msikilizaji anakumbuka mshororo wa pili, "bila kula", na mwenyewe anaziunganisha njaa mbili. Kicheko kinatoka kwenye kuunganisha huko.

Ubeti wa pili ulimchukua jioni nzima. Alitaka habari ya makaratasi, na karatasi kwa mtu wa Nairobi ni habari ndefu. Kabla ya uhuru, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni kwenye kikopo cha bati. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na waliopata nyumba hizi walizijua foleni za kuandikishwa. Mzee alijaribu kuitia historia hiyo ndani ya ubeti, ukawa mzito, ukawa hotuba. Akaiondoa yote, akabakiza kitenzi kimoja tu:

*Akaniitisha cheti, cha kwamba nimezaliwa*
*Niko mbele yake, eti, bado sijatambuliwa*
*Kisha likabaki koti, kitini limeachiwa*
*Dirisha limeshafungwa, tafadhali njoo kesho*

"Sijatambuliwa" ndilo neno lenyewe. Ndani yake mna kitambulisho, mna kipande cha babu, mna mtu aliyesimama hatua moja kutoka kwa mwenzake na asionekane. Kuhusu koti, kila aliyewahi kungoja anamjua ofisa aliyeacha koti kwenye kiti ili ionekane hayuko mbali. Mzee hakueleza chochote. Hakusema koti ni la nani wala mwenyewe ameenda wapi. Kama angesema, angekuwa anashtaki. Kwa kutosema, koti limekuwa ofisa.

Lipo jambo moja nililomwuliza, maana lilinitatiza: mbona hataji kompyuta, wala mtandao uliopotea, ilhali siku hizi ndilo jibu tunalopewa zaidi? Alisema alijaribu. Mishororo ya mtandao ilichekesha jioni ileile, kesho yake ikapoa, kwa kuwa aliyelaumiwa alikuwa mashine, na mashine haina adabu ya kujifanya. Kibwagizo kinataka mdomo wa mtu.

Kibwagizo kina hatari yake lakini. Kikirudi mara tano na maana ileile, kinachosha kama foleni yenyewe, na hapo ndipo uchungu unapopata mlango. Mara ya kwanza "njoo kesho" ni adabu. Baada ya koti imekuwa mchezo. Ubeti wa mwisho ulihitaji kuigeuza tena bila kugusa silabi hata moja. Mzee akambadilishia karani upande wa kioo:

*Juzi nimemwona nani, foleni amejipanga*
*Ni yule wetu karani, bahasha ameifunga*
*Akafika dirishani, kwa heshima akabonga*
*Dirisha limeshafungwa, tafadhali njoo kesho*

"Akabonga" ni Sheng, lugha ya watoto wa mitaa hii ya Eastlands, na mwanzoni niliona kama imeanguka tu humo kwa ajili ya kina. Kumbe mtu aliyezoea kuongea Kiswahili cha dirishani sasa anaongea kama sisi. Na neno "wetu" katika "yule wetu karani" limemrudisha mtaani kabla hatujamcheka.

Jioni ya tatu alimsomea jirani mwingine, ambaye miaka mingi alikuwa karani wa ofisi moja mjini. Kwenye koti alicheka mpaka akafuta macho. Kwenye ubeti wa mwisho alinyamaza, akaomba asomewe tena, kisha akatoa pingamizi moja.

"Mzee, umetuandika vizuri. Ila sisi hatukuwa tukisema tafadhali."

Mzee akainua mikono, akahesabu kwa vidole polepole, njo-o-ke-sho, akaviangalia vilivyobaki.

"Ndugu yangu," akasema, "nikiiondoa nabaki na nne."

Yule karani akavitazama vile vidole vinne vilivyosimama bure. "Basi iache," akasema.